Marburg: kwa nini mtu alihesabiwa siku 21, mkoa siku 42? Na ipi inaonyesha kasi ya kuenea?

#1 Nshomile
Wakuu, salaam. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa kule kwetu Bukoba Vijijini, binamu yangu aliingizwa kwenye orodha ya waliotangamana na mgonjwa. Kila asubuhi mhudumu wa afya anafika, anampima joto, anamuuliza kama kichwa kinauma, anaandika, anaondoka. Siku ya 21 wakamwambia basi, umemaliza. Lakini mkoa wenyewe haukuachiwa kwa 21. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, baada ya kuhesabu siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apimwe na kuonekana hana virusi tena.

Kwamba 42 ni 21 mara mbili, hiyo hesabu naiweza. Ninachouliza ni kwa nini binadamu atoshe kwa 21 halafu mkoa udai mara mbili.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Siku zote nimeamini ugonjwa unaoatamia mwilini siku chache ndio unaosambaa sana, na unaoatamia siku nyingi husambaa polepole. Marburg inaweza kukaa hadi siku 21 bila dalili, ikaishia kwa wagonjwa 9. Korona ilikaa siku kama 5, ikazunguka dunia. Niko sahihi au nimejidanganya?

#2 Kibajaji
Siku 21 ni kuku huyo mkuu. Akifika ya 22 hajatotoa, hilo yai viza.

#3 ChumaChaPua
Mleta uzi uko sahihi kabisa. Kipindupindu kinaatamia kati ya saa chache na siku 5, ndiyo maana kikiingia mtaani asubuhi, jioni watu wamejaa zahanati. UKIMWI bila dawa unaatamia miaka kama kumi, ndiyo maana ulisambaa taratibu. Ukitaka kujua kasi ya ugonjwa wowote, chukua siku za kuatamia, hiyo ndiyo duru moja: huyu kaambukizwa, kaatamia, kaugua, kampa mwenzake. Hakuna uchawi.

#4 BiTakwimu
ChumaChaPua, mfano wako wa UKIMWI ndio unaokuangusha. Hiyo miaka kumi ni tangu mtu apate virusi hadi augue UKIMWI wenyewe. Lakini anaweza kuwaambukiza wengine tangu wiki za mwanzo, akiwa anacheza mpira kila Jumamosi. Kwa hiyo duru haisubiri kuatamia kuishe. Mtu anaweza kuwa chanzo cha wagonjwa wengine watatu, nao wakaambukiza wengine, yeye mwenyewe bado hajaugua.

Nimefanya ufuatiliaji wa milipuko kwa miaka kadhaa, na kosa hili nimeliona hata kwenye ripoti zenye mihuri. Kuna saa tatu tofauti, watu wanazichanganya kuwa moja.

Ya kwanza ni hiyo ya kuatamia: tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili ya kwanza. Hii ni ya mtu mmoja, haihusu nani atampa nani. Ya pili inahitaji watu wawili: yule aliyeambukiza alianza dalili tarehe ngapi, na yule aliyeambukizwa alianza tarehe ngapi. Mimi huiita pengo la dalili. Ya tatu ni kizazi: tangu huyu aambukizwe mpaka yule aambukizwe. Kasi ya kuenea inakaa kwenye hiyo ya tatu, lakini karibu kila mara hatuioni, maana hakuna anayeandika kwenye kalenda "leo saa nane mchana virusi vimeniingia". Tunachopewa na wagonjwa ni tarehe ya homa. Basi tunatumia pengo la dalili kama msaidizi wa kizazi, na wakati mwingine msaidizi huyo anatudanganya.

#5 MamaWatatu
Samahani, naomba nami niulize maana nimehangaika na hizi siku. Mwanangu wa kwanza alitoka vipele vya tetekuwanga tarehe 3 Juni. Nikamtenga chumba chake, kikombe chake, kila kitu chake. Kumbe kazi bure. Wa pili akatoka vipele tarehe 17, wa mwisho tarehe 19. Nikadhani yamekwisha, tarehe 1 Julai mdogo wangu tunayekaa naye naye huyo, na mtu mzima anaugua vibaya kweli. Shuleni waliniambia mtoto akae nyumbani siku 21, zahanati wakasema mpaka vipele vikauke. Yupi mkweli?

#6 Kibajaji
Dada mada ni Marburg wewe umeleta tetekuwanga. Ila pole sana kwa mdogo wako.

#7 BiTakwimu
Mwache, ameleta kitu kizuri kuliko vitabu. MamaWatatu, zahanati ndio waliokuwa sahihi kwa mtoto aliyekwisha kutoka vipele: akikauka magamba yote, haambukizi. Hizo 21 ni za yule aliyekaa karibu na mgonjwa lakini bado hajatoka kipele, tunamngoja tuone. Shuleni walichukua saa ya mtu mmoja wakamvika mwingine.

Sasa tuangalie nyumba yako. Tetekuwanga inaatamia siku 10 hadi 21, wengi huangukia 14 hadi 16. Wa kwanza tarehe 3, wa pili tarehe 17: pengo 14. Wa mwisho tarehe 19: pengo 16 kutoka kwa wa kwanza. Mtu asiyejua angeandika kwamba wa mwisho alipewa na wa pili kwa kuwa wanalala pamoja, pengo siku 2. Haiwezekani, virusi havijawahi kuwahi hivyo. Hao wawili ni wa kizazi kimoja, wote walichukua kwa kaka yao.

Mdogo wako wa tarehe 1 Julai, je? Kutoka tarehe 3 Juni ni siku 28, imepita kikomo. Kwa hiyo alipewa na mmoja wa hao wawili, pengo 14 au 12. Yupi, siwezi kujua, na wewe huwezi kujua. Ukiniletea nyumba hamsini za namna hii, ndivyo mapengo yanavyokusanywa, na kila nyumba ina mtu mmoja wa "yupi sijui".

Kutenga hakukusaidia kwa sababu tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza. Ulipofunga mlango wa chumba, mgeni alikuwa amekwisha kupita sebuleni.

#8 MamaWatatu
Kwa hiyo sikufanya uzembe. Asante dada, umenitua mzigo.

#9 OtisKisumu
Wadau, hapo mwisho BiTakwimu amegusa kitu kinachonisumbua tangu 2020. Nilikuwa nafanya kazi mpakani, tunaelekeza kipimajoto kwenye vipaji vya nyuso za watu kutwa nzima. Kwa Ebola tuliambiwa inasaidia. Kwa Korona tulipima malori mpaka tukachoka, na Korona ikapita tu. Tulifanya vibaya, au kifaa kilikuwa cha bure?

#10 BiTakwimu
Otis, hilo linajibiwa kwa kutoa tu, hesabu ya darasa la tatu. Chukua wastani wa pengo la dalili, toa wastani wa siku za kuatamia.

Kwa nini? Pengo ni tangu homa yako mpaka homa yangu. Katikati yake kuna siku uliyoniambukiza. Tangu siku hiyo mpaka homa yangu ni kuatamia kwangu. Ukikiondoa kipande hicho, kinachobaki ni tangu homa yako mpaka siku uliyoniambukiza. Kikiwa juu ya sifuri, kwa wastani watu huambukiza baada ya kuugua. Kikiwa chini ya sifuri, kwa wastani wameambukiza kabla hawajajua wanaumwa.

Ebola ya Afrika Magharibi, makadirio ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2014: kuatamia siku 11.4, pengo siku 15.3. Toa, unabaki na karibu 4. Yaani tangu mtu aanze homa una kama siku nne za kumkuta kabla ya ile siku ya wastani ya kuambukiza. Timu ya vijijini inaweza kushinda mbio hizo. Ndiyo maana binamu wa Nshomile alipimwa joto kila asubuhi: homa ndiyo ingekuwa kengele, na angeondolewa nyumbani kabla hajawa hatari sana.

SARS ya 2003, pengo lililopimwa Singapore ni siku 8.4, kuatamia kama 5. Hapo una zaidi ya siku tatu, na ugonjwa ule ulizimwa mwaka huohuo.

Korona, utafiti mmoja wa mapema uliokusanya jozi 468 za wagonjwa nchini China ulipata pengo la siku 3.96. Kuatamia kulikuwa kama 5. Toa. Umepata hasi. Kipimajoto chako Otis hakikuwa kibovu, kilikuwa kinamngoja mtu ambaye kazi yake amekwisha kuifanya.

#11 ChumaChaPua
Sasa hapo umenishika. Lakini bado nauliza, Marburg na Ebola ni ndugu, sawa, zina nafasi ya kukamatwa. Hiyo haijafuta kwamba duru fupi inasambaa haraka.

#12 MhasibuMstaafu
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi si daktari, nimeshika vitabu vya hesabu miaka 34. Nisaidieni jambo moja: pengo hasi maana yake nini kwa watu halisi? Inawezekana aliyeambukizwa augue kabla ya aliyemwambukiza? Hiyo kwenye leja tungeita wizi.

#13 BiTakwimu
Ile hasi ya juu ilikuwa ya wastani mbili zikitolewa, si ya pengo lenyewe. Ila pengo hasi nalo linawezekana mzee wangu, na si wizi. Katika jozi zile 468, kama moja katika kila nane ilikuwa hivyo. Kwa mfano, wewe umeambukizwa Jumatatu na mwili wako unaatamia siku 9. Siku ya 6 unanipa mimi. Mwili wangu mimi unaatamia siku 2 tu. Mimi naugua siku ya 8, wewe siku ya 9. Pengo ni hasi moja, ila kizazi kati yetu ni siku 6, na kizazi hakiwezi kuwa hasi kamwe. Hapo ndipo msaidizi anapoachana na bosi wake. Kwa wastani hukaribiana, lakini pengo hutawanyika zaidi.

Nimesikia watu wakifuta jozi hasi kwenye jedwali kwa kudhani tarehe zimekosewa. Wakifuta, wastani unapanda, na ugonjwa unaonekana mpole kuliko ulivyo kwenye suala la kuambukiza kabla ya dalili.

#14 MtafitiWaMoro
BiTakwimu nakuheshimu, ila umechagua namba. Makadirio ya kwanza kabisa kutoka Wuhan, Januari 2020, yalikuwa pengo siku 7.5 na kuatamia 5.2. Toa: chanya 2.3. Kwa kanuni yako ya darasa la tatu, Korona ingeonekana inakamatika kama SARS. Kanuni ileile, ugonjwa uleule, majibu mawili yanayopigana.

#15 BiTakwimu
Ni kweli, na pengo lile la 7.5 lilitoka kwenye jozi sita. Sita! Hata uzi huu una watu zaidi ya hapo.

#16 MtafitiWaMoro
Uchache ni sababu moja, si yote. Baadaye wataalamu walizipanga jozi za China kwa tarehe. Wakakuta mapema Januari 2020 pengo lilikuwa wastani wa siku 7.8, na kufikia katikati ya Februari limeshuka hadi 2.6. Virusi havikubadilika kiasi hicho ndani ya mwezi. Kilichobadilika ni watu. Mwanzoni mgonjwa alizurura siku nyingi baada ya homa, akaambukiza na wa siku ya sita. Walipoanza kuwatenga upesi, wale wa mwisho mwisho hawakuambukizwa tena, wakabaki wale wa mwanzo mwanzo tu. Mapengo marefu yamekatwa na serikali, si na virusi. Kwa hiyo 7.5 huenda ilikuwa kweli ya wakati ule, na 3.96 ni mchanganyiko wa nyakati mbili.

#17 BiTakwimu
Nakubali nusu. Kuna kitu kingine kinachofupisha mapengo kabla serikali haijafanya lolote. Mlipuko ukiwa bado unapanda, aliyeambukizwa jana hajaugua leo, hayumo kwenye jedwali. Jozi zenye pengo fupi zimekwisha kuonekana, zenye pengo refu bado ziko njiani. Ukifunga daftari leo, umepata fupi nyingi kuliko haki yake. Hilo linapaswa kurekebishwa, na si kila mtu alirekebisha.

#18 MtafitiWaMoro
Lakini hilo lingefupisha zaidi Januari, mlipuko ukiwa unapanda kwa kasi, si Februari. Takwimu zinaonyesha kinyume. Kutengwa ndiyo sababu kubwa.

#19 BiTakwimu
Na kumbukumbu za watu? Januari hakuna aliyejua anatafuta nini. Mtu anaulizwa ulianza lini, anataja siku alipozidiwa, si siku koo lilipoanza kuwasha. Sitaki kukubishia mpaka asubuhi, ila sababu moja peke yake mimi siiamini.

#20 Kibajaji
Wasomi wakianza hivi mimi naagiza kahawa.

#21 MhasibuMstaafu
Wasomi ngojeni kwanza, mnagombania 7.8 na 2.6, ila hamjasema inagharimu nini. Nipeni namna ya kuitumia niweke kwenye jedwali langu.

#22 MtafitiWaMoro
Mzee, tuseme wagonjwa wanaongezeka mara mbili kila siku 5. Hiyo unaiona kwenye daftari la hospitali, haihitaji jozi. Unataka kujua kila mgonjwa anaambukiza wangapi. Kwa hesabu ya haraka:

```
R = 2^(T/D)
```

R ni hao wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja, D ni siku za kuongezeka mara mbili, T ni kizazi. Weka T = 7.8, unapata kama 2.9. Weka T = 2.6, unapata 1.4. Mchoro wa wagonjwa ni uleule, haukuguswa. Kwa jibu la kwanza unahitaji kuzuia karibu theluthi mbili za maambukizi ili mlipuko ushuke. Kwa jibu la pili unahitaji chini kidogo ya theluthi moja. Moja ni kufunga mji, nyingine labda ni kuahirisha mechi.

ChumaChaPua, hapo ndipo imani yako na ya Nshomile inapopinduka. Kwa mchoro uleule, duru fupi maana yake kila mtu anaambukiza wachache, ila kwa haraka. Duru ndefu maana yake kila mtu anaambukiza wengi. Surua duru yake ni ndefu, siku 11 au 12, na bado hakuna ugonjwa unaoishinda kwa kuambukiza wengi.

#23 MhasibuMstaafu
Nimeiweka. Inafanana na riba: kiwango bila kujua kinalipwa kila mwezi au kila mwaka hakina maana. Sasa nimeelewa kwa nini mnagombana.

#24 BiTakwimu
Ongeza tahadhari moja, mzee. Formula hiyo inadhani wote wana kizazi cha siku sawasawa. Kwa kweli wengine huambukiza mapema, wengine huchelewa, na ukiweka mtawanyiko huo R inashuka kidogo. Ichukue kama dari. Na usiweke siku za kuatamia mahali pa T. Kwa Ebola ungeweka 11.4 badala ya 15.3, ukapata R ndogo, ukadhani vitanda vitatosha.

#25 Nshomile
Nashukuru, nimekaa kama mtoto wa shule. La pili limejibiwa, na nimekubali nilijidanganya. Ila 42 yangu mmeisahau kabisa.

#26 ChumaChaPua
Hiyo ni rahisi. 21 ni kikomo cha kuatamia, wanazidisha mara mbili kwa usalama. Kama fundi anayekuambia nguzo inabeba tani moja wakati anajua inabeba mbili.

#27 BiTakwimu
Safari hii umekaribia. Mimi nilivyofundishwa, 21 ya kwanza ni ya yule aliyeguswa na mgonjwa wa mwisho tunayemjua. 21 ya pili ni ya mtu tusiyemjua: tuseme mmoja alituponyoka, akaugua nyumbani kimyakimya, akampa jirani. Jirani huyo anapata muda wa kujitokeza. Binamu yako ni mtu mmoja, tarehe yake ya kukutana na mgonjwa inajulikana, kwa hiyo 21 inamtosha. Mkoa hauna tarehe moja.

#28 MwanaBeni
Niko Kivu Kaskazini, nawasoma tangu juzi. Hiyo 42 sisi tuliihesabu kwa vidole. Mlipuko wetu wa Ebola ulioanza 2018, mgonjwa wa mwisho alitoka hospitali mwanzoni mwa Machi 2020. Tangazo la kwisha lilipangwa kuwa tarehe 12 Aprili. Watu wamekwisha kupanga sherehe. Tarehe 10 Aprili, mgonjwa mpya, hapa Beni, baada ya siku zaidi ya hamsini bila hata mgonjwa mmoja mpya. Tukaanza upya, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni.

Kwa hiyo mnaposema 21 ya pili inamkamata aliyeponyoka, hapa aliponyoka na kumbe 42 ilikuwa karibu kumkosa.

#29 MtafitiWaMoro
Hapo huenda palikuwa na zaidi ya kiungo kimoja kilichofichika. Pengo la siku 15 mara tatu ni 45, bado hujafika.

#30 MwanaBeni
Au ni aliyepona. Virusi hukaa kwenye shahawa za aliyepona miezi mingi. Guinea mwaka 2021 mlipuko ulipofuatiliwa kwa vinasaba, virusi vilifanana na vile vya 2014 hadi 2016. Miaka mitano! Huyo alikuwa anaatamia nini? Kwenye jedwali la Mzee Mhasibu pengo hilo mtaliandika wapi?

#31 BiTakwimu
Nisingeliweka kwenye wastani. Moja kama hilo linavuruga wote.

#32 MwanaBeni
Lakini jozi hasi ulituambia tusizifute.

#33 MhasibuMstaafu
Hapo umebanwa, dada.

#34 BiTakwimu
Nimebanwa kidogo, nakubali. Jozi hasi ni sehemu ya ugonjwa unavyoenda kila siku, ya Guinea ni njia nyingine ya kuambukiza. Kwa hesabu ya kasi nitaitenga, kwa uamuzi wa lini tulale usingizi nitairudisha. Ndiyo maana baada ya zile 42 kuna siku 90 nyingine za kufuatilia kwa macho makali, na wanaopona huombwa wapimwe shahawa. Mpaka uko wapi hasa, kila kikao kina ugomvi wake.

#35 ChumaChaPua
Kwa hiyo 42 ni sayansi au ni makubaliano?

#36 MtafitiWaMoro
Makubaliano yaliyovaa koti la sayansi.

#37 BiTakwimu
Koti linamtosha lakini.

#38 Kibajaji
Nimemuuliza bibi yangu anayefuga, anasema kuku wake mmoja aliatamia siku 23 vifaranga wakatoka wazima. Nimemwambia atoe wastani, amenifukuza.

#39 MamaWatatu
Mdogo wangu amekauka vipele vyote leo. Sasa kuna jirani alikuja kunisalimia tarehe 30 Juni, akamkumbatia mdogo wangu, ambaye siku hiyo kipele kilikuwa hakijamtoka bado. Nimwambie nini, na nianze kuhesabu kutoka tarehe 30 au tarehe 1?

#40 BiTakwimu
Tarehe 30, siku waliyokumbatiana. Muulize kwanza kama aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Na kama ana mimba, aende kituoni leo, asingoje hizo 21.